Skeli ya Mstari kwenye Ramani ya Mtandaoni: Kwa Nini Hubadilika, na Jinsi ya Kupata Umbali wa Kweli

Katika mada ya usomaji wa ramani umezoea ramani ya topografia ya 1:50,000. Unapima kwa rula au uzi, unazidisha, unapata kilometa. Skeli ya karatasi ile ni moja kutoka kona hadi kona. Tofauti ndogo iliyopo huwezi kuiona kwa rula, na mtahini haiulizi.

Ramani ya mtandaoni, ile unayoifungua kwenye simu au kompyuta, haiko hivyo. Kona ya chini kuna skeli ya mstari, yaani kistari kifupi chenye namba kama "300 km". Sogeza ramani kuelekea kaskazini bila kugusa kitufe cha kukuza wala cha kupunguza, na kistari kile kitaanza kurefuka. Endelea kusogeza, na ghafla namba itashuka. Hujakuza chochote, lakini skeli imebadilika. Mtahiniwa asiyejua sababu yake anaweza kupima sawasawa kwa rula, akazidisha sawasawa, na bado akatoa umbali ulio mara mbili ya ule wa kweli. Mfano wa 1 hapa chini utaonyesha hivyo hasa.

Chanzo cha mabadiliko

Chukua tufe na uangalie mistari ya longitudo. Kwenye ikweta mistari miwili iliyoachana kwa digrii 1 ina umbali wa kilometa 111 hivi kati yake. Ifuate mistari hiyo kuelekea ncha ya kaskazini, utaona inakaribiana hadi inakutana nchani. Katika latitudo 60° umbali kati yake umebaki nusu tu, kilometa 55 na ushei. Hii ndiyo kanuni uliyosoma katika hisabati, kwenye mada ya dunia kama tufe:

urefu wa digrii 1 ya longitudo = 111.1 × cos (latitudo)

Namba 111.1 inatokana na kugawa mzingo wa dunia kwa 360, ukitumia nusukipenyo cha kilometa 6,370 na π = 3.14. Kama swali limekupa nusukipenyo cha kilometa 6,400, tumia hicho walichokupa. Jibu litatofautiana kidogo tu.

Sasa iangalie ramani ya mtandaoni. Mistari ya longitudo imesimama wima, sambamba, kwa nafasi sawa kutoka juu hadi chini. Haikaribiani kabisa. Maana yake ni kwamba mchoraji amechukua mzingo wa latitudo 60°, ambao duniani ni nusu ya ikweta, akaunyoosha mpaka ukalingana na ikweta kwa upana. Amenyoosha mara 2. Katika latitudo 72°, ambako kosaini ni 0.309, amenyoosha zaidi ya mara 3. Nchani penyewe kosaini ni sifuri, na kunyoosha kungekuwa hakuna mwisho. Ndiyo maana ramani hizi hukatwa karibu na latitudo 85°, na ncha zenyewe hazionekani.

Kama angenyoosha upande wa mashariki na magharibi peke yake, nchi za kaskazini zingeonekana zimebanwa juu na chini. Kwa hiyo mahali popote anaponyoosha upana mara 2, ananyoosha pia urefu wa kaskazini na kusini mara 2. Umbo la kitu kidogo linabaki sahihi, na pembe zinabaki sahihi. Huu ndio uchoraji wa Mercator. Gerardus Mercator aliutoa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, kwa sababu mstari ulionyooka kwenye ramani yake ni safari ya mwelekeo mmoja wa dira. Ramani za mtandaoni zimeuchukua kwa sababu nyingine: ukikuza mpaka mtaani, njia panda zenye pembe mraba zinaonekana na pembe mraba, iwe Mombasa au Oslo. Gharama ya faida hiyo ni skeli isiyotulia.

Tunachopata kutoka hapo ni kanuni moja, na somo zima linaiegemea. Ukiwa umeacha kitufe cha kukuza palepale:

kilometa kwa sentimita 1 mahali fulani = kilometa kwa sentimita 1 kwenye ikweta × cos (latitudo ya mahali hapo)

Jinsi kistari kinavyochorwa

Programu ya ramani huangalia latitudo ya katikati ya skrini, kisha huhesabu skeli ya hapo tu. Halafu huchagua namba ya mviringo, kama 100, 200, 300 au 500, ambayo kistari chake kitaenea katika nafasi ndogo iliyotengwa pale konani. Hivyo kuna vitu viwili vinavyobadilika, urefu wa kistari na namba iliyoandikwa, na havibadiliki kwa pamoja.

Tuchukue skrini moja ambayo nafasi ya kistari ni sentimita 2.4 hivi, na ukuzaji ambao kwenye ikweta unatoa kilometa 200 kwa sentimita 1. Ukiweka Kampala katikati ya skrini, kistari kinasoma km 300 na urefu wake ni sentimita 1.5. Sogeza mpaka Maskati, latitudo 23.6° Kaskazini. Namba ni ileile, 300, lakini kistari sasa kina sentimita 1.64. Fika London, zaidi kidogo ya 51°: bado namba ni 300, kistari kimefika sentimita 2.4 na nafasi imekwisha. Ukipita hapo kidogo, programu inaacha 300 na kuandika 200, na kistari kinafupika ghafla. Kwenye latitudo 60° kinasoma km 200 kwa sentimita 2.0.

Soma tena aya hiyo kwa makini, maana mtego umo ndani yake. Anayeangalia namba peke yake ataona 300 Kampala na 300 London, na ataamua kwamba skeli ni moja. Siyo moja. Kampala ni kilometa 200 kwa sentimita, London ni kilometa 125 kwa sentimita. Kila mara gawa namba kwa urefu wa kistari kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Kwa nini basi sisi wa huku hatulioni jambo hili? Kwa sababu tupo karibu na ikweta, ambako kosaini haishuki haraka. Dar es Salaam iko 6.8° Kusini, na kosaini yake ni 0.993. Ukitumia skeli ya ikweta pale, unakosea kwa kilometa 7 katika kila 1,000. Hata kusini kabisa mwa Tanzania, karibu na 11.7°, kosa ni la asilimia 2 tu, na rula ya mwanafunzi haitalionyesha kwenye safari fupi.

Mfano wa 1: umbali wa mashariki na magharibi

Kwenye ramani ya mtandaoni yenye ukuzaji ule tuliouchukua, mwanafunzi alipima kwa rula njia mbili:

(i) Libreville (9.5° Mashariki) hadi Kampala (32.6° Mashariki), zote zikiwa karibu kabisa na ikweta: sentimita 12.85.

(ii) Oslo (10.7° Mashariki) hadi Sankt Petersburg (30.3° Mashariki), zote zikiwa karibu na latitudo 60° Kaskazini: sentimita 10.9.

Kistari alikisoma mara moja tu, ramani ikiwa imekaa Kampala: km 300 kwa sentimita 1.5. Tafuta umbali wa kweli wa kila njia.

Njia ya kwanza haina shida. 300 ÷ 1.5 = kilometa 200 kwa sentimita. 12.85 × 200 = kilometa 2,570. Hakiki kwa longitudo: 32.6 − 9.5 = 23.1°, na 23.1 × 111.1 = kilometa 2,566. Tofauti ya kilometa 4 ni ya rula, haina neno.

Njia ya pili ndiyo inayowaangusha wengi. Ukizidisha 10.9 × 200 unapata kilometa 2,180. Jibu hilo si sahihi, kwa sababu kistari kilisomwa Kampala na njia iko latitudo 60°. Sahihisha skeli kwanza:

200 × cos 60° = 200 × 0.5 = kilometa 100 kwa sentimita
10.9 × 100 = kilometa 1,090

Hakiki tena kwa longitudo: 30.3 − 10.7 = 19.6°. Kisha 19.6 × 111.1 × 0.5 = kilometa 1,089. Yamekubaliana.

Linganisha picha na ukweli. Kwenye skrini njia hizi mbili zinakaribiana kwa urefu, sentimita 13 na sentimita 11. Duniani, ya Libreville hadi Kampala ni ndefu kuliko nyingine zaidi ya mara mbili.

Mwanafunzi angeweza pia kuisogeza ramani mpaka Oslo ikae katikati na kusoma kistari upya: km 200 kwa sentimita 2.0, yaani kilometa 100 kwa sentimita, jibu lilelile. Kwenye mtihani huwezi kusogeza ramani iliyochapwa, kwa hiyo kosaini ndiyo itakuokoa. Angalia kama swali limesema kistari ni cha latitudo gani. Kama halikusema, chukua latitudo ya katikati ya ramani iliyochapwa na uandike kwamba umefanya hivyo.

Kuna swali huulizwa darasani: je, njia fupi kabisa kati ya Oslo na Sankt Petersburg si ile ya duara kuu, isiyofuata latitudo? Ni kweli. Lakini kwa umbali huu tofauti haifiki hata kilometa 5. Kwa safari ya kuvuka bahari katika latitudo za juu tofauti inakuwa kubwa, na hapo swali litakwambia wazi litakacho: umbali "kufuata latitudo" au "kufuata duara kuu".

Mfano wa 2: umbali wa kaskazini na kusini

Kampala iko 0.3° Kaskazini, Sankt Petersburg iko 59.9° Kaskazini. Longitudo zao zinakaribiana (32.6° na 30.3° Mashariki), kwa hiyo tunaweza kuzihesabu kama zimo kwenye mstari mmoja wa longitudo. Ili miji yote miwili ionekane kwenye skrini, tunapunguza ukuzaji hatua mbili. Kila hatua huzidisha kilometa za sentimita 1 mara 2, kwa hiyo kwenye ikweta sasa sentimita 1 ni kilometa 800. Rula inatoa sentimita 10.4. Tafuta umbali.

Hapa hata kosaini haitoshi peke yake, kwa kuwa safari haikai kwenye latitudo moja. Kila ukipanda, skeli inabadilika chini ya rula yako. Ukitumia skeli ya Kampala unapata 10.4 × 800 = kilometa 8,320. Ukitumia ya latitudo 60° unapata 10.4 × 400 = kilometa 4,160. Moja imezidi sana, nyingine imepungua sana. Hata ukiiweka ramani ili katikati ya njia ikae katikati ya skrini na kusoma kistari cha hapo, utapata kilometa 6,800 hivi. Umekaribia, lakini hujafika.

Dawa ni kuiacha rula. Duniani digrii 1 ya latitudo ina kilometa 111.1 popote ulipo, ikweta au Urusi. Kunyoosha kumefanywa na ramani, dunia haikunyooshwa. Kwa hiyo:

59.9 − 0.3 = 59.6°
59.6 × 111.1 = kilometa 6,622

Andika kilometa 6,620 na uendelee na swali linalofuata. Kwa umbali wa kaskazini na kusini, soma latitudo mbili, tafuta tofauti, zidisha. Kama moja iko kusini mwa ikweta na nyingine kaskazini, jumlisha badala ya kutoa.

Njia ya mshazari

Kama njia inakwenda mshazari na ni fupi, tuseme haizidi digrii 2 au 3 za latitudo, tumia skeli ya latitudo ya katikati ya njia na rula yako. Dar es Salaam hadi mji wa Zanzibar ni mfano mzuri. Latitudo zao zinatofautiana kwa chini ya digrii 1, na skeli haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

Kama ni ndefu, igawe vipande vya digrii chache za latitudo, pima kila kipande kwa skeli ya katikati yake, kisha jumlisha. Ni kazi ndefu, lakini ni ya haki. Ukiwa kwenye kompyuta yenyewe, ramani nyingi zina kipimia umbali: unabonyeza mahali pa kwanza, kisha pa pili, na kilometa zinaandikwa. Hicho unaweza kukiamini kuliko kistari, kwa sababu hakipimi urefu wa skrini. Kinachukua latitudo na longitudo za mahali pawili na kukokotoa kwenye tufe.

Utajuaje kama ramani ni ya Mercator?

Usitumie kanuni ya kosaini kwenye ramani yoyote uliyopewa bila kuitazama. Angalia mistari. Longitudo ziwe zimenyooka, wima na kwa nafasi sawa. Latitudo ziwe zimenyooka kwa ulalo, lakini nafasi kati yake zipanuke kadiri unavyoelekea nchani. Pima kwa rula: nafasi kutoka 60° hadi 70° iwe karibu mara 2.4 ya nafasi kutoka 0° hadi 10°. Ikiwa hivyo, ni Mercator. Ikiwa nafasi za latitudo ni sawa kutoka chini hadi juu, huo ni uchoraji mwingine: kosaini itafaa kwa upana tu, na urefu wa kaskazini na kusini una skeli moja isiyobadilika. Ikiwa longitudo zimepinda na kukutana, funga kanuni hii kabisani. Baadhi ya ramani za mtandaoni hugeuka kuwa tufe ukipunguza ukuzaji sana, nazo pia haziifuati.

Eneo hupotoka zaidi kuliko umbali

Urefu ukinyooshwa mara 2 na upana mara 2, eneo limekuzwa mara 4. Kwenye latitudo 72°, katikati ya Grinlandi, eneo limekuzwa zaidi ya mara 10. Ndiyo sababu Grinlandi huonekana kubwa kupita kiasi ukiilinganisha na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo ikweta inaikata. Ukweli ni kwamba Kongo ina kilometa za mraba 2,345,000 hivi, na Grinlandi 2,166,000 hivi. Kongo ndiyo kubwa. Ukiulizwa kukadiria eneo kwa kuhesabu miraba kwenye ramani ya aina hii, zidisha kilometa za mraba ulizopata kwa skeli ya ikweta kwa kosaini mara mbili, wala si mara moja.

Maswali ya kujipima

1. Kwenye ikweta ramani ya mtandaoni ina kilometa 200 kwa sentimita 1. Bila kugusa ukuzaji, umeisogeza mpaka kistari kinasoma km 300 kwa urefu wa sentimita 2.4. Upo latitudo gani?

2. Mahali A na B pako latitudo 40° Kusini, A ikiwa longitudo 20° Mashariki na B 50° Mashariki. Tafuta umbali kufuata latitudo. Aliyetumia skeli ya ikweta amezidisha kwa asilimia ngapi? (cos 40° = 0.766)

3. Dar es Salaam iko 6.8° Kusini na Addis Ababa iko 9.0° Kaskazini, zote zikiwa karibu na longitudo 39° Mashariki. Tafuta umbali kati yake.

Majibu

1. 300 ÷ 2.4 = kilometa 125 kwa sentimita. Kosaini ni 125 ÷ 200 = 0.625. Latitudo ni takriban 51.3°. Kistari hakiwezi kukwambia kama ni Kaskazini au Kusini. Jibu lenye "Kaskazini" peke yake halijakamilika, mpaka ramani yenyewe ionyeshe uko upande gani.

2. 30 × 111.1 × 0.766 = kilometa 2,553. Kwa skeli ya ikweta angepata 30 × 111.1 = kilometa 3,333. Ziada ni kilometa 780, nayo ukiigawa kwa 2,553 ni karibu asilimia 30.5. Aliyegawa kwa 3,333 amepata asilimia 23.4, amelinganisha kosa na kosa, badala ya kulinganisha kosa na ukweli.

3. Miji iko pande mbili za ikweta, kwa hiyo 6.8 + 9.0 = 15.8°. Kisha 15.8 × 111.1 = kilometa 1,755. Aliyetoa badala ya kujumlisha amepata kilometa 244, umbali usiotosha hata kutoka Dar es Salaam kuvuka mpaka wa Kenya na kufika Nairobi.